Homa, shingo iliyokaza na mtoto asiyetaka kumeza: maswali kuhusu jipu la nyuma ya koo

Ninatibu watoto katika hospitali ya mkoa. Maswali yaliyo hapa ndiyo ninayoulizwa na wazazi wodini, nje ya chumba cha upasuaji, na mara nyingine kwa simu usiku. Nitayajibu huku nikimfuata mtoto mmoja: wa kiume, miaka 3, kilo 14, aliyeletwa Jumapili asubuhi na mama yake pamoja na bibi yake.

## Jipu la nyuma ya koo ni jipu gani? Mbona shingoni sioni kitu?

Mtoto akipanua kinywa, nyuma ya kimeo unaona ukuta mwekundu. Huo ndio ukuta wa nyuma wa koo. Nyuma yake, kabla hujafika kwenye mifupa ya shingo, kuna nafasi nyembamba, na ndani ya nafasi hiyo mtoto mdogo ana tezi chache, ndugu wa zile unazozipapasa chini ya taya akiwa na mafua. Kazi yake ni kunasa vijidudu vinavyotoka puani, nyuma ya pua na masikioni.

Mara nyingi tezi hizi huvimba kidogo, hupambana, kisha hunywea bila mtu kujua. Mara chache huzidiwa. Zikizidiwa huoza katikati na kugeuka usaha. Hilo ndilo jipu. Ni sawa na jipu la mguuni au la kwapani, ila hili limejificha, na mbele yake panapita chakula na hewa. Likivimba kuelekea mbele, linakula nafasi ya vitu hivyo viwili.

## Kwa nini liwapate watoto wadogo?

Kwa sababu tezi zenyewe ni za utotoni. Mtoto akikaribia miaka 4 au 5 zinaanza kunywea, na ndiyo maana wengi tunaowaona wako chini ya umri wa miaka 5. Mtoto mkubwa akipata jipu hili, huwa nauliza kwanza kama amejichoma kooni: mwiba wa samaki, kijiti, au mswaki aliokuwa nao mdomoni akianguka. Kidonda kidogo kwenye ukuta wa koo kinatosha kuwafungulia vijidudu mlango.

## Lilianzaje kwa mtoto huyu?

Lilianza na mafua, na ndivyo linavyoanza mara nyingi. Jumatatu alikuwa na makamasi na kikohozi chepesi, akicheza kama kawaida. Alhamisi homa ikapanda. Mama alimpeleka duka la dawa, akapewa amoksilini ya maji na parasetamo. Ijumaa homa ilishuka kila alipopewa parasetamo, ikarudi baada ya saa chache.

Jumamosi mambo yalibadilika, na hapa ndipo ningependa kila mzazi asome polepole. Asubuhi alikataa uji. Mama alidhani amechoka na ladha ya dawa. Mchana alikataa hata soda, na mtoto huyu hakuwahi kukataa soda. Alikuwa na kiu, alikishika kikombe kwa mikono miwili, akakileta mdomoni, akakirudisha. Alasiri kola ya fulana yake ilikuwa imelowa mate. Mama aliibadilisha, nayo ikalowa tena. Kichwa chake kilikuwa kimelalia bega la kushoto, na alipoitwa kutoka upande wa pili aligeuza mwili mzima, kiuno na mabega pamoja, kama mtu aliyebeba ndoo kichwani.

Mate yale ndiyo yaliyomsaidia. Mtoto wa miaka 3 ameshapita umri wa kutoa udenda. Akianza tena ghafla, akiwa na homa, ina maana kumeza mate yake mwenyewe kunamuuma au hakupitiki. Mama hakujua jina la ugonjwa lakini alijua kwamba hilo si la kawaida, akamleta bila kusubiri Jumatatu.

## Daktari alimwambia aangalie feni ya darini. Alikuwa anatafuta nini?

Homa ikiandamana na shingo iliyokaza, kila mtu hufikiria homa ya uti wa mgongo, na ni sawa kabisa kuifikiria kwanza kwa sababu inaua haraka. Ila magonjwa haya mawili hukaza shingo kwa namna tofauti.

Kwenye homa ya uti wa mgongo, mtoto hushindwa kuinamisha kichwa. Ukijaribu kukipeleka kidevu kifuani, shingo inagoma na mtoto analia. Kwenye jipu la nyuma ya koo kinachomshinda zaidi ni kuangalia juu. Kuinua kidevu kunavuta ukuta wa koo uliojaa usaha, na maumivu yake ni makali. Kwa hiyo sikumshika kichwa. Nilimwacha mapajani kwa mama, nikamwonyesha feni inayozunguka, nikamuuliza, "Ile ni nini, baba?" Macho yake yalipanda mpaka mwisho, nyusi zikapanda, kidevu hakikusogea hata kidogo. Nikamwonyesha mlango upande wa kulia. Akageuza kiuno.

Jaribio hili mzazi anaweza kulifanya nyumbani bila kumgusa mtoto. Mwonyeshe ndege, taa, au kitu anachokipenda ukiwa umekiinua juu. Akikifuata kwa macho peke yake, huku ana homa na hataki kumeza, nenda hospitali saa hiyo hiyo. Lakini akiangalia juu vizuri usijiambie kwamba yuko salama. Homa na shingo ngumu peke yake bado ni safari ya hospitali, na sisi wenyewe wakati mwingine hatuwezi kutofautisha magonjwa haya mpaka tupime.

Jambo jingine ni la wahudumu wenzangu. Mtoto akiandaliwa kutolewa maji ya uti wa mgongo, hukunjwa, kidevu kikaelekea kifuani. Mtoto mwenye jipu kubwa kooni anaweza kuzibwa pumzi akiwa katika mkao huo. Kama anatoa mate au anakoroma akivuta pumzi, njia ya hewa ishughulikiwe kwanza. Dawa ya homa ya uti wa mgongo inaweza kuanza bila kusubiri maji hayo.

## Si mafindofindo tu? Mwanangu huyapata kila mara.

Mafindofindo huuma, tena sana, lakini mtoto bado huzungusha shingo na humeza mate yake, hata kama anakunja uso. Ukimshawishi kwa maji baridi atakunywa kidogo. Jipu linapokuwepo, shingo na kumeza hugoma pamoja. Sauti nayo hubadilika, inakuwa nzito na ya kuziba, kana kwamba anaongea na tonge la moto mdomoni.

Kuna ugonjwa mwingine wa koo unaofanana na huu na kuzidiwa kwake ni kwa saa, si kwa siku: uvimbe wa kile kifuniko kinachoziba njia ya hewa tunapomeza. Mtoto hukaa ameegemea mbele, mikono imejikita, kinywa wazi, mate yanachuruzika. Umepungua sana kwa watoto waliopata chanjo ya penta za wiki ya 6, ya 10 na ya 14, kwa sababu chanjo hiyo ina kinga dhidi ya kijidudu kinachousababisha. Kwa mzazi tofauti yake na jipu haina umuhimu njiani: watoto wote wawili hubebwa wakiwa wamekaa, na wote wawili ni wa dharura.

## Kipimo cha malaria kimetoka chanya. Si ndiyo sababu ya homa?

Inawezekana mtoto ana malaria na jipu kwa wakati mmoja, na kwenye maeneo yenye malaria nyingi jambo hili si la ajabu. Zaidi ya hapo, kile kipimo cha haraka cha kidoleni kinaweza kubaki chanya wiki kadhaa baada ya malaria kupona. Malaria atibiwe, lakini malaria haimfanyi mtoto ashindwe kuangalia juu wala kumeza mate. Ukipewa dawa ya malaria na kuambiwa urudi nyumbani, sema wazi kabisa: "Hamezi hata mate, na shingo haigeuki." Mwongozo wa kutibu watoto unaotumika katika zahanati zetu unahesabu kushindwa kunywa au kunyonya kuwa dalili ya hatari, na homa yenye shingo ngumu kuwa ugonjwa mkali unaotakiwa kupewa rufaa. Mhudumu anaujua mwongozo huo. Maneno yako yanamkumbusha afungue ukurasa wenyewe.

## Bibi anasema ni kimeo, kikatwe. Nimjibu nini?

Bibi wa mtoto huyu alisema hivyo hivyo, na alisema kwa mapenzi, maana mwanawe mmoja aliwahi kukatwa na akapona. Nilimweka karibu, nikamweleza kama ninavyoeleza hapa. Kimeo ni kile kinyama kinachoning'inia katikati ya koo. Mtoto mwenye jipu nyuma ya koo anaweza kuonekana kimeo chake kimesukumwa mbele au kimevimba, kwa sababu kitu kilicho nyuma yake ndicho kimejaa. Ukikata kimeo, usaha unabaki pale pale. Unakuwa umeongeza kidonda kinachovuja damu mbele ya njia ya hewa ambayo tayari ni nyembamba.

Kuna hatari nyingine mbili. Kisu au waya usiochemshwa huweza kuingiza pepopunda na virusi. Na kumkandamiza mtoto wa namna hii chali, kinywa kimepanuliwa kwa nguvu, kunaweza kulipasua jipu, usaha ukamiminika, akapaliwa nao. Bibi aliniuliza, "Kwa hiyo, daktari, kile kimeo hamtakigusa?" Nikamwambia, "Hatutakigusa, bibi. Tunafuata kilicho nyuma yake." Alikubali, na yeye ndiye aliyembeba mjukuu wake mpaka chumba cha eksirei.

## Nifanye nini nyumbani na njiani?

Mwache akae jinsi mwenyewe anavyotaka kukaa. Kama kichwa kimelalia upande, kiache kilalie. Mtoto hupata mwenyewe mkao unaomruhusu kupumua, na ukimnyoosha au kumlaza chali unaweza kuuziba mlango aliojifungulia. Mpakate mapajani, kifua chake kiwe huru. Usimfunge mgongoni kwa kanga. Kama kuna gari, tafuta gari, na mtu wa pili aende nawe ili mmoja aangalie pumzi zake njia nzima.

Usiingize kijiko, kidole wala tochi kooni kutafuta kilichomkwama. Usimchue shingo, hata kwa mafuta ya moto. Usimbane pua ili ameze uji au dawa: asichoweza kumeza kitaenda mapafuni. Akitaka mwenyewe maji kidogo mkiwa bado nyumbani, mpe, ila mkishaanza safari usimpe chakula, kwa kuwa huenda akahitaji dawa ya usingizi siku hiyo. Mtoto anayenyonya na bado anaweza, anyonye kidogo kidogo akiwa ameinuliwa, na ukifika useme amenyonya saa ngapi.

Ukisikia sauti ya kukwaruza au kama mluzi kila anapovuta pumzi ndani, ukaona mbavu zinaingia ndani au midomo inageuka rangi, hapo njia ya hewa inafunga. Nenda kituo kilicho karibu zaidi chenye oksijeni, hata kama si kile ulichokikusudia.

## Tupo kijijini, karibu kuna zahanati tu. Wao wafanye nini?

Wampe dozi ya kwanza ya sindano ya antibayotiki na kumwandikia rufaa, wala wasisubiri kesho. Sindano hiyo ni muhimu, kwa sababu safari ya saa 4 bila dawa ni saa 4 za usaha kuongezeka. Kama sukari inaweza kuwa imeshuka kwa kutokula, aangaliwe na aongezewe. Oksijeni ipelekwe karibu na pua ikiwa mtoto anaivumilia akiwa mapajani kwa mama, maana kumliza ni kumwongezea taabu ya pumzi. Wapige simu kule anakopelekwa, waseme "koo" na "njia ya hewa" katika sentensi ya kwanza, ili mtaalamu wa usingizi aitwe mapema.

Kama kuna hospitali mbili na moja ina daktari wa masikio, pua na koo, ningempeleka huko hata kama iko mbali kidogo, mradi anapumua vizuri.

## Kwa nini alipigwa eksirei ya shingo kwa pembeni, halafu tena siti skani?

Eksirei ya pembeni inaonyesha mifupa ya shingo, weusi wa njia ya hewa mbele, na nyama iliyo kati yake. Nyama hiyo kwa mtoto mzima ni nyembamba. Mbele ya mfupa wa 2 wa shingo haitakiwi kuzidi milimita 7. Kwa mtoto wetu ilikuwa milimita 15, na weusi wa hewa ulikuwa umepinda kuelekea mbele kama njia inayokwepa kichuguu.

Eksirei hii inadanganya kwa urahisi. Mtoto akilia, akitoa pumzi au akiinamisha shingo wakati picha inapigwa, nyama ya nyuma ya koo hujikunja na kuonekana nene ingawa hakuna ugonjwa. Picha nzuri hupigwa akivuta pumzi ndani, shingo ikiwa imeinuka kidogo kadiri anavyoweza bila kulazimishwa. Kwa hiyo mama aliingia naye chumbani amevaa kizibao cha risasi, akamshikia gari lake la kuchezea usawa wa macho. Tulirudia mara mbili.

Siti skani yenye dawa ya mshipani inajibu swali ambalo eksirei haiwezi: je, ni usaha uliokwisha kukusanyika au ni uvimbe tu? Usaha huonekana kama ziwa jeusi lenye ukingo unaong'aa. Inaonyesha pia umbali wa ziwa hilo na mishipa mikubwa ya damu ya shingo, na kama limeanza kuteremka kuelekea kifuani. La mtoto huyu lilikuwa na urefu wa sentimita 3, upana wa 2 na nusu, unene wa 2, upande wa kushoto. Sharti ni kwamba mtoto anayehangaika kupumua asilazwe kwenye mashine hiyo kabla njia ya hewa haijalindwa. Picha inaweza kusubiri.

## Lazima apasuliwe?

Si lazima kila mara. Uvimbe ambao haujawa usaha, au jipu dogo kwa mtoto anayepumua vizuri, huweza kuisha kwa dawa za mshipani. Tunajipa saa 24 hadi 48. Ndani ya muda huo tunataka homa ishuke, shingo ianze kugeuka, na mtoto aombe kitu cha kunywa. Dalili ninayoiamini zaidi ni hiyo ya mwisho. Kama hakuna hata moja, tunaacha kusubiri. Na kama njia ya hewa imebanwa tangu mwanzo, au jipu ni kubwa, hatuanzi kabisa kusubiri.

Dawa huchaguliwa kwa kufikiria wakazi wa kawaida wa jipu hili: streptokokasi, stafilokokasi, na bakteria wa mdomoni wanaoishi bila hewa. Dawa moja mara nyingi haitoshi kuwafikia wote. Ndiyo sababu amoksilini ya chupa haikumsaidia mtoto wetu, na hata angepewa chupa ya pili isingemsaidia. Tulimwanzishia seftriaksoni pamoja na metronidazo kwa mshipa. Kuna hospitali zinazotumia ampisilini iliyochanganywa na sulbaktamu, au klindamaisini, na hizo pia ni sahihi.

Kwa kuwa hali kitu, aliwekewa dripu. Mama aliiona inatiririka polepole akauliza kama imeziba. Haikuwa imeziba. Mtoto wa kilo 14 huhitaji mililita 1,200 hivi kwa siku nzima, yaani 50 kwa saa, mbali na kile kilichopungua kwa homa na kutokunywa, ambacho tulikirudisha kwanza.

Jipu lake lilikuwa kubwa na mate hayakukoma, hivyo tulikubaliana apasuliwe siku hiyo hiyo jioni.

## Wanapasua wapi? Atabaki na kovu shingoni?

Wengi hupasuliwa kupitia kinywani, na shingoni hakuna kovu. Kazi ngumu kuliko zote ni nusu kaputi. Mtaalamu wa usingizi anapaswa kupitisha mpira wa kupumulia kwenye koo lililovimba bila kulipasua jipu, kwa hiyo huwa naomba awepo aliye mzoefu kuliko wote, na daktari wa koo asimame pembeni tayari amevaa glavu, endapo itabidi kufungua njia ya hewa shingoni.

Mpira ukishaingia, kichwa cha meza hushushwa chini kidogo ili usaha ukitoka uelekee puani na mdomoni, usiende mapafuni. Daktari wa koo huchoma kwanza kwa sindano na kuvuta, kuhakikisha kinachokuja ni usaha na si damu ya mshipa mkubwa. Kwa mtoto wetu ulivutwa usaha wa manjano, mzito, wenye harufu kali, karibu mililita 8. Kisha alipasua sehemu fupi ya ukuta wa koo, akapanua ndani taratibu, akafyonza, akaosha. Hakushona. Kidonda kikiachwa wazi, usaha uliobaki unapata pa kutokea, nacho hujifunga chenyewe baada ya siku chache.

Usaha ulipelekwa maabara kuotesha bakteria na kupima kifua kikuu. Mama aliketi nje na ile fulana iliyolowa ikiwa imekunjwa kwenye mfuko wa nailoni. Niliporudi kumwambia limeisha, swali lake la kwanza lilikuwa kama atakunywa soda.

## Akicheleweshwa, linaweza kumfanya nini?

Linaweza kuziba hewa, au kupasuka lenyewe usiku, mtoto akapaliwa na usaha akiwa amelala. Nafasi lililomo haina sakafu imara, kwa hiyo usaha unaweza kuteremka mpaka kifuani, karibu na moyo na mapafu. Hapo ugonjwa wa koo unakuwa ugonjwa wa kifua: homa inapanda upya, mtoto anapumua haraka na kulalamika kifua. Pembeni mwake kuna mishipa mikubwa ya shingo, ambayo damu yake inaweza kuganda au ukuta wake kuliwa. Mambo haya ni machache pale mtoto anapofika mapema, na ninayaandika ili ieleweke ile haraka tunayokuwa nayo, ambayo wazazi wengine huiona kama kutishwa.

## Jirani yangu mtoto wake alikuwa na jipu hilo kwa wiki nyingi, akapewa dawa za kifua kikuu. Inakuwaje?

Hilo ni la aina nyingine. Kifua kikuu kinaweza kula mifupa ya shingo na kutengeneza usaha unaojikusanya nyuma ya koo taratibu. Homa yake ni ndogo, mtoto hukonda, shingo huuma kwa wiki au miezi, na mara nyingi nyumbani kuna mtu mwenye kikohozi cha muda mrefu. Eksirei huonyesha mifupa imeharibika. Matibabu yake ni dawa za kifua kikuu za miezi mingi na kuituliza shingo kwa kola, na kupasua huamuliwa kwa tahadhari ya uti wa mgongo. Kama kuna mtu anayekohoa nyumbani, tuambie hata usipoulizwa.

## Tumeruhusiwa. Nyumbani niangalie nini, na litarudi?

Mtoto wetu alimeza maji asubuhi iliyofuata, uji uliopoa mchana, na siku ya tano akaenda nyumbani na dawa ya kunywa ya kukamilisha siku 14 tangu alipoanza matibabu. Dawa hiyo ni ya kumaliza yote. Vyakula laini na vya baridi vinatosha kwa siku chache za mwanzo, na kinywa kisafishwe kwa mswaki laini kama kawaida.

Homa ikirudi, akianza tena kutoa mate, sauti ikibadilika, akilalamika kifua au akitema damu, rudini siku hiyo hiyo. Kujirudia hutokea kwa wachache, na mara nyingi ni ndani ya wiki za mwanzo. Likijirudia zaidi ya mara moja mahali pale pale, tunamtafuta mtoto kijitundu cha kuzaliwa nacho shingoni.

Shingo iliyopinda hunyooka yenyewe kadiri uvimbe unavyoisha. Lakini ikibaki imepinda wiki moja baada ya homa kwisha, au ikipinda upya, usimpeleke kukandwa wala usiinyooshe. Uvimbe wa koo wakati mwingine hulegeza kano zinazoshikilia mifupa miwili ya juu kabisa ya shingo, mmoja ukateleza juu ya mwenzake. Kuivuta shingo katika hali hiyo ni hatari kwa uti wa mgongo. Anahitaji picha na kola, na akiwahiwa hunyooka bila upasuaji.

Alipokuja kliniki wiki ya pili nilimwonyesha tena ile feni. Aliinua kidevu mpaka kisogo kikagusa mgongo, akaihesabu mapanga yake: matatu.